Kosa la karani si la mfasiri kusahihisha

*Shikamoo Mwalimu. Ulipokuja kuzungumza na darasa letu la tafsiri ulisema mfasiri habadilishi hata tarakimu moja kwenye hati iliyoapwa. Mimi nina binamu yangu ambaye kiapo chake kina kosa la wazi la karani. Nikilisahihisha kwenye tafsiri nitakuwa nimemdhulumu nani? Na nikikataa, natakiwa kumripoti popote au ninyamaze?*

Marahaba. Siku ile muda ulitubana, na swali hili ndilo nililotamani mtu aniulize kabla sijafunga mkoba. Nitakujibu kwa kisa kilichonipata mwenyewe. Tarehe zote nimezibadilisha na mahali sitapataja, ili mhusika asitambulike hata na jirani yake.

Kijana mmoja aliniletea hati ya kiapo ya mama yake, kurasa mbili za Kiswahili, iliyoapwa mbele ya wakili ambaye pia ni kamishna wa viapo. Aliitaka kwa Kiingereza aiambatishe na maombi ya viza ya kumfuata baba yake ughaibuni. Aya ya tatu ilisema: "Kwamba, mwanangu huyo alizaliwa nyumbani tarehe 03/06/1997, saa 2 usiku." Akatoa pasipoti, akaiweka mezani na kunionyesha kwa kidole: 6 Machi 1997. "Mwalimu, karani wa wakili amegeuza siku na mwezi. Wewe andika tu Machi 6, yaishe." Miadi yake ilikuwa siku nne mbele. Mama yuko mkoani, safari ya basi ya kutwa nzima.

Maelezo yake yalikuwa na akili. Kugeuza 06/03 kuwa 03/06 ni kosa ambalo kila aliyewahi kupiga chapa hati amelifanya. Mimi mwenyewe nilimwamini. Lakini kuamini kwangu hakukuwa na kazi yoyote pale, na nitakueleza kwa nini.

Chini ya tafsiri ya aina hii mfasiri huandika tamko. Kanuni za uhamiaji za Marekani, kwa mfano, zinamtaka athibitishe mambo mawili: kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba ana uwezo wa kutafsiri kutoka lugha ile kwenda Kiingereza. Uingereza nao wanataka tamko kwamba tafsiri ni sahihi kulingana na hati asilia, pamoja na tarehe, jina kamili, sahihi na mawasiliano ya mfasiri. Soma matamko hayo polepole utaona hakuna linalokuuliza kama yaliyomo kwenye hati ni kweli. Mama aliapa kuhusu kuzaliwa kwa mwanawe. Mimi natoa tamko kuhusu karatasi mbili, ile niliyoletewa na ile niliyoiandika, kwamba zinasema jambo moja. Kwa hiyo nikiandika Machi 6 kisha nikasaini kwamba tafsiri ni sahihi, nimesema uongo, hata kama kijana alizaliwa Machi 6 kweli.

Ukiniuliza aliyedhulumiwa ni nani, wa kwanza ni mama. Kiapo ni maneno yake, ameyaapia. Nikibadilisha aya ya tatu nimemwapisha mara ya pili bila yeye kuwepo. Wa pili ni yule wakili. Sheria ya Tanzania ya mathibitisho na makamishna wa viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inamtaka kamishna aweke jina lake na aseme kweli mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Mahakama zetu huchukulia sehemu hiyo kwa uzito mkubwa, hata maombi hutupwa kwa sababu kiapo kilichoyaunga mkono hakina mahali au tarehe. Jina la wakili liko chini ya maneno yale, si chini ya maneno yangu. Tafsiri yenye tarehe nyingine inamfanya aonekane ameshuhudia kiapo ambacho hakikuwahi kuapwa mbele yake.

Wa tatu ni mteja mwenyewe, na hapa ndipo wanafunzi wengi hushangaa. Tafsiri haiendi peke yake, inaambatana na hati asilia au nakala yake. Afisa wa viza anaweza asijue Kiswahili hata neno, lakini tarakimu hazihitaji mkalimani. Ataona 03/06 upande huu na Machi 6 upande ule. Kabla ya hapo kijana alikuwa na tofauti ya tarehe kati ya kiapo na pasipoti, jambo linaloelezeka. Baada ya hapo anakuwa mtu aliyeleta tafsiri iliyochezewa, na kila karatasi nyingine aliyoleta inatiliwa shaka.

Basi nilifanya nini? Nilimwambia: "Tarehe ambayo haimo siwezi kuiandika. Naweza kuitafsiri kama ilivyo, au nisubiri mama aape upya." Sikumhubiria wala kumwita mwongo. Alikuwa kijana mwenye hofu ya kukosa miadi. Tukakubaliana niitafsiri kwanza kama ilivyo, wakati yeye anampigia mama simu.

Na hapa nikuonyeshe kwamba kutobadilisha hakumaanishi kunakili kama kasuku. Tarehe 03/06/1997 ukiiacha hivyohivyo, Mmarekani ataisoma Machi 6, kwa kuwa kwao mwezi hutangulia. Ungekuwa umebadilisha ukweli kwa kuacha kufanya lolote! Kwa hiyo mwezi unauandika kwa neno. Lakini utajuaje kwamba 03 ni siku? Usijibu kwa mazoea tu, tafuta ushahidi ndani ya hati yenyewe. Kiapo kile kilikuwa kimeapwa tarehe 17/02. Hakuna mwezi wa kumi na saba, kwa hiyo mwandishi wake alitanguliza siku. Nikaandika tatu Juni kwa Kiingereza, na pembeni yake ndani ya mabano ya mraba nikaeleza kwamba katika hati asilia tarehe imeandikwa kwa tarakimu, 03/06/1997. Kama hati isingekuwa na tarehe nyingine ya kunisaidia, ningeacha tarakimu zilivyo na kusema katika mabano kwamba mpangilio wa siku na mwezi hauonekani wazi.

Saa nayo ni vivyo hivyo. "Saa 2 usiku" ukiipeleka kwenye Kiingereza na namba yake ileile, umemzaa mtoto alfajiri. Mama anahesabu kuanzia magharibi, kwa hiyo ni saa 20:00 kwa saa za kimataifa. Kugeuza namba hapo ndiyo kuutunza ukweli. Jihadhari zaidi na maelezo ya polisi yenye maneno kama "saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 4". Hiyo ni saa 02:00 ya tarehe 4. Nimeona tafsiri zilizoiandika tarehe 3, nyingine mchana wa tarehe 4. Katika kesi ya jinai, masaa kumi na mawili yanatosha kumfanya mtu aliyekuwa safarini aonekane alikuwepo kwenye tukio. Kipimo ninachotumia ni hiki: msomaji wa tafsiri aelewe kilekile alichoelewa msomaji wa hati asilia, pamoja na makosa yake. Saa tunaigeuza kwa sababu Mswahili anayesoma "saa 2 usiku" hafikirii alfajiri. Juni hatuigeuzi kwa sababu Mswahili anayesoma hati ile anasoma Juni.

Turudi kwenye yale mabano ya mraba, maana yana mpaka wake. Ndani yake unaweka unachokiona kwenye karatasi: muhuri wa duara na maandishi yake, neno lililokatwa, sehemu iliyoandikwa kwa mkono, herufi zisizosomeka. Kosa lililo wazi, mfano tarehe 31 Aprili, unaliacha na kuandika kwamba hivyo ndivyo ilivyo katika hati asilia. Usiandike "karani alikosea". Hiyo ni hukumu, na wewe hukuwepo. Wala usiandike "pasipoti inaonyesha Machi 6". Kijana ndiye angefurahi, kwani maelezo hayo yangemtetea. Lakini pasipoti haikuwa sehemu ya hati niliyopewa kutafsiri. Nikiitaja nimeacha ufasiri nikawa wakili wake, na nimetoa nje jambo alilonionyesha mezani tu. Siku nyingine mabano hayohayo yangemuumiza mteja mwingine, naye angekuwa na haki ya kuniuliza nani alinituma.

Majina nayo sitakaa nayo sana. Hati ikisema Hamisi, tafsiri inasema Hamisi, hata kama pasipoti ina Khamis. Yohana habadiliki kuwa jina la Kiingereza. Nilipoanza kazi hii niliwahi kulinganisha jina na pasipoti kwa nia njema, na tafsiri ikarudishwa ikiulizwa mtu huyu wa pili ni nani. Hati iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama zile za zamani za ndoa kule Unguja, ni suala tofauti kwa sababu ni lazima uchague tahajia. Hapo unaweza kufuata ya pasipoti na kueleza kwenye mabano kwamba umefanya hivyo.

Kosa likiwa la kweli, linasahihishwa pale lilipozaliwa. Kiapo kinasahihishwa na aliyeapa: anarudi kwa kamishna wa viapo na kuapa kiapo kipya au cha nyongeza, akisema aya gani ya kiapo cha tarehe gani ilikosewa na usahihi wake ni upi. Kufuta kwa wino mweupe na kuandika juu baada ya kuapwa hakufai. Cheti cha kuzaliwa kinasahihishwa na msajili, kwa Tanzania Bara ni RITA. Tofauti ya majina kati ya hati na hati huelezwa kwa kiapo cha mwenye jina. Ukimpa mteja njia hiyo, na ikibidi ukamwandikia kwenye kikaratasi aya yenye tatizo ili amwonyeshe wakili, umemsaidia kuliko yeyote anayempa tarehe ya kubandika. Kiapo kipya kikija, unatafsiri vyote viwili iwapo vyote vitawasilishwa.

Kijana alimpigia mama jioni ileile. Kesho yake mama akaenda kwa wakili. Wakili, badala ya kumuuliza "ni Machi au Juni", alimwomba asimulie alivyojifungua. Mama akasema masika yalikuwa yamekwisha, walikuwa wanavuna, na mkunga alikuja kwa miguu kwa kuwa njia ilikuwa imekauka. Akatoa na kadi ya kliniki aliyoihifadhi ndani ya kitambaa. Kiapo kilikuwa sahihi. Aliyegeuza siku na mwezi ni aliyejaza fomu ya pasipoti, na kijana alikuwa amekua akiisoma tarehe ile bila kuwahi kumuuliza mama yake. Lile "kosa la wazi la karani" halikuwa kosa, na mimi nilikuwa nimeliamini kabisa. Mama akaapa kiapo cha nyongeza kueleza tofauti, nikakitafsiri usiku ule, na kijana akaenda kwenye miadi na karatasi zinazosemezana. Pasipoti ilibaki shughuli yake na Uhamiaji.

Sasa suala la binamu yako. Ushauri wangu ni usiitafsiri hati hiyo kabisa, mpe mfasiri mwingine. Sikudhanii kwamba utabadilisha tarehe makusudi. Upendeleo mara nyingi huingia kwa maneno madogo ambayo hata wewe mwenyewe hutaona. Chukua neno "mwanangu". Kwetu mtu humwita hivyo mtoto wa kumzaa, mtoto wa dada yake, hata mtoto wa jirani. Kwenye maombi ya kuunganisha familia neno hilo ndilo shauri zima. Anayempenda mteja atachagua neno la Kiingereza linalomaanisha mtoto wa kumzaa. Asiyempenda atachagua linalomaanisha mpwa. Asiyependelea ataandika "mtoto wangu" bila kuongeza lolote, na kama aya ya mbele inasema "mtoto wa marehemu dada yangu" ataiandika nayo ilivyo, amwachie afisa aulize. Baba mdogo vilevile: ukimwandika baba umedanganya, na neno la Kiingereza "uncle" halionyeshi kama ni wa upande wa baba au wa mama. Eleza kwamba ni mdogo wake baba, basi.

Jaribu kubwa zaidi la kutopendelea ni unapokalimani mtu anapoapa. Hati imeandikwa kwa Kiingereza, muapaji hakijui, na wewe unamsomea kwa Kiswahili kabla hajatia sahihi au dole gumba. Unasoma "niliishi naye tangu mwaka 2009", naye anasema, "Hapana, tangu amezaliwa mtoto wa pili." Ndugu waliomleta wanamnong'oneza akubali tu, foleni ni ndefu. Hapo unasimama. Unamgeukia wakili na kumwambia kwa Kiingereza alichosema muapaji, neno kwa neno, kisha unamwambia muapaji kwa Kiswahili ulichomwambia wakili. Hao wawili ndio watakaoamua kama aya inabadilishwa. Na mnong'ono wa ndugu pia unautafsiri kama umeusikia, kwa sababu kila kinachosemwa mbele ya wote ni cha wote. Waambie hivyo mapema, kabla hamjaanza, na wengi hunyamaza.

Kuhusu kuripoti: hapana. Mteja aliyeomba jambo ukamkatalia, naye akaondoka na hati yake, hajafanya chochote cha wewe kupigia simu ubalozi. Mrudishie hati zake zote siku hiyohiyo, na malipo ya kazi ambayo hukuifanya. Kumzuilia karatasi ili "akome" si kazi yako. Wala usimpeleke kwa mwenzako unayejua atakubali, maana huko ni kukubali kwa mkono wa mtu mwingine. Mahakama ikikuita kwa amri, ni jambo jingine, na hapo utahitaji wakili wako.

Lakini siri nyingi hazitolewi kwa simu ya ubalozi. Zinatoka steshenari. Mwanafunzi ana fleshi, anaingia kwenye duka la jirani na chuo, kijana wa duka anaihamisha faili kwenye kompyuta ili achapishe, na kiapo cha mtu kuhusu ndoa yake kinabaki kwenye folda ya Downloads kwa miezi. Au picha ya hati inatumwa kwenye kundi la WhatsApp ikiuliza "jamani neno hili mnalitafsirije?", jina na namba ya kitambulisho vikionekana. Uliza neno, usitume hati. Ukilazimika kuchapisha nje, peleka faili kwenye fleshi, chapisha moja kwa moja kutoka kwenye fleshi, na usiondoke kabla ya kuhakikisha hakuna nakala iliyobaki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mfasiri anayeshika cheti cha ugonjwa au hati ya talaka ya mtu yumo ndani yake. Mimi hufuta nakala za hati za mteja baada ya muda ninaomtajia tangu mwanzo. Ninachobakiza ni tafsiri yenyewe katika PDF iliyofungwa kwa nywila, pamoja na namba yake ya daftari.

Namba hiyo ina kazi yake. Siku moja ofisi fulani itakupigia na kusema, "Tuna tafsiri yenye muhuri wako, namba fulani, je ni yako?" Wanafunzi huniambia watakataa kujibu kwa sababu ya siri. Msikatae. Mteja mwenyewe ndiye aliyeiweka mbele yao, na tamko lako liliandikwa ili liulizwe. Hakikisha kwanza anayepiga ni ofisi kweli: mwombe aandike kwa barua pepe rasmi na aambatishe nakala aliyonayo. Kisha fungua nakala yako, ziweke kando kwa kando, anza na tarakimu. Jibu kuhusu karatasi tu: inalingana na niliyoitoa, au hailingani ukurasa wa kwanza, aya ya tatu. Wakikuuliza mteja alisema nini siku ile ofisini kwako, hilo halimo kwenye karatasi, na hulijibu.